Kosa Limo Pichani: Kusoma Mistari ya Mawimbi Chini ya Msimbo

Picha yenyewe ni ya kawaida. Kushoto kuna orodha ya mafaili, katikati kuna mistari sita ya msimbo wa Python, na chini kuna kidirisha kilichoandikwa `PROBLEMS`. Chini ya baadhi ya maneno vimechorwa vistari vya mawimbi: kimoja chekundu, kidogo sana, kimoja cha njano na vingine vingi vya bluu. Aliyeipiga picha hiyo ndiyo kwanza anajifunza kuandika programu, na swali alilomtumia rafiki yake pamoja nayo ni fupi: "Mbona imejaa makosa?"

Haijajaa makosa. Ina makosa mawili ya kweli, na moja kati ya hayo bado limejificha. Kila mstari wa mawimbi una msemaji wake, na mchanganyiko huanza pale mgeni anapoichukulia yote kuwa sauti moja inayomgombeza.

Huu ndio msimbo uliomo pichani, katika faili linaloitwa `mauzo.py`. Kazi yake ni kujumlisha bei za bidhaa tatu, kutafuta wastani na kuuonyesha. Mstari wa kwanza unaita maktaba ya kutuma ujumbe mfupi wa simu, kwa sababu mwandishi alikusudia baadaye kumtumia mwenye duka hesabu hiyo.

```python
import africastalking

bei = [1200, 850, 3000]
jumla = sum(bei
wastani = jumla / len(bei)
print("Wastani:", wastni)
```

Programu iliyofungua faili hili ni Visual Studio Code ya Microsoft, iliyotangazwa mwaka 2015 na ambayo hutolewa bure. Mistari ya mawimbi si uvumbuzi wake. Yeyote aliyewahi kuandika barua kwa Word tangu toleo la 1995 anaujua ule mwekundu unaojitokeza chini ya neno lililokosewa. Tofauti ni kwamba Visual Studio Code yenyewe haiijui Python. Kazi ya kuukagua msimbo huiachia programu nyingine ndogo zinazofanya kazi nyuma ya pazia. Kila mkaguzi huisoma faili, kisha hurudisha orodha: hapa pana tatizo, linaanzia herufi hii na kuishia ile, uzito wake ni huu, na maelezo yake ni haya. Kihariri huipokea orodha na kuchora.

Namna ya kupelekeana orodha hizo ilitangazwa na Microsoft mwaka 2016, ikishirikiana na Red Hat na Codenvy, na inataja ngazi nne za uzito. Ya kwanza ni kosa, ambalo huchorwa kwa nyekundu na kupewa duara lenye alama ya x. Ya pili ni onyo, la njano, lenye pembetatu. Ya tatu ni taarifa, ya bluu, yenye herufi i ndani ya duara. Ya nne ni dokezo, ambalo halipewi wimbi bali vinukta vidogo mwanzoni mwa neno, na haliingii kabisa katika kidirisha cha chini. Rangi hubadilika mtu akibadilisha mandhari ya kihariri, kwa hiyo anayesoma picha iliyopigwa kwenye mashine ya mwenzake afadhali aamini umbo la alama kuliko rangi.

Kwa kuwa wimbi lenyewe halisemi neno, mahali pa kuanzia ni kwenye kidirisha cha chini. Kwenye mashine, mtu angeweza kusogeza kipanya juu ya wimbi na maelezo yangejitokeza. Kwenye picha hilo haliwezekani. Kidirisha hufunguliwa kwa kubonyeza `Ctrl+Shift+M`, na kila safu yake ina mambo manne: alama ya uzito, maelezo, jina la mkaguzi kwa maandishi yaliyofifia, na mahali tatizo lilipo. Katika picha hii, safu iliyo nzito kuliko zote inasomeka hivi:

```
"(" was not closed   Pylance   [Ln 4, Col 12]
```

Maana yake ni kwamba bano lililofunguliwa halikufungwa. Anayesema ni Pylance, mkaguzi wa Python aliyetolewa na Microsoft mwaka 2020. Mahali ni mstari wa 4, herufi ya 12. Ukihesabu herufi za mstari wa nne pamoja na nafasi, `jumla` ina tano, kisha nafasi, alama ya sawa, nafasi tena, halafu `sum` inachukua ya tisa hadi ya kumi na moja. Ya kumi na mbili ni bano lenyewe. Wimbi jekundu limechorwa chini ya herufi hiyo moja tu, ndiyo maana aliyepiga picha hakuliona na akahangaika na mistari ya bluu inayoonekana wazi zaidi.

Hapa Pylance amekuwa mwema, kwa kuonyesha mahali bano lilipofunguliwa. Wakaguzi wote hawafanyi hivyo. Matoleo ya Python kabla ya 3.10, lililotoka mwaka 2021, yalizoea kusema tu `invalid syntax` na kunyoosha kidole kwenye mstari wa tano, ambao hauna dosari yoyote. Sababu ni namna msimbo unavyosomwa. Python ikiwa ndani ya mabano haijali mwisho wa mstari, kwa kuwa mtu anaruhusiwa kuandika orodha ndefu kwa mistari mingi. Ni kama msomaji wa barua aliyekutana na alama ya kufungua usemi, akaendelea kusoma akidhani mtu yuleyule bado anazungumza, mpaka afike kwenye sentensi isiyoweza kuwa ya mtu huyo. Anaposhtuka ameshapita mahali palipokosewa.

Kwa hiyo mstari unaotajwa ni mahali mkaguzi alipogundua kuwa mambo hayaendi, na kosa linaweza kuwa juu yake. Kwa wanaoandika TypeScript au JavaScript jambo hili huwa kubwa zaidi: bano la `{` lisilofungwa mwanzoni mwa faili linaweza kuleta wimbi kwenye mstari wa mwisho kabisa, pamoja na maneno `'}' expected`. Mgeni hutazama mstari huo mtupu asijue afanye nini. Katika hali hiyo kidirisha huweza kuwa na safu ndogo chini ya safu ya kosa, inayotaja mahali bano lilipofunguliwa. Safu hiyo ndiyo ya kufuata.

Tukirudi kwa `mauzo.py`, bano ambalo halikufungwa limefanya jambo jingine ambalo halionekani. Mkaguzi aliyedhani kwamba bado yuko ndani ya mabano amemeza mistari ya tano na ya sita bila kuikagua ipasavyo. Jina `wastni` katika mstari wa sita limeandikwa vibaya, herufi moja imeruka, lakini Pylance hajasema neno juu yake. Hakufika huko. Hii ndiyo sababu watu wazoefu husahihisha kosa la juu kabisa kwanza, kisha huisoma orodha upya tangu mwanzo. Si ajabu kosa moja likirekebishwa na mengine kumi yakatoweka. Kinyume chake pia hutokea, na ndicho kitakachotokea hapa.

Kabla ya hapo, ile mistari ya bluu. Iko chini ya `jumla`, chini ya `wastani` kila lilipo, na chini ya `wastni`. Kwenye kidirisha, safu zake zinafanana:

```
"jumla": Unknown word.   cSpell   [Ln 4, Col 1]
```

Mkaguzi huyu si Pylance. Ni cSpell, nyongeza ya kukagua tahajia ambayo wengi huiweka kwa kufuata video za mafunzo. Anakagua maneno kwa kamusi ya Kiingereza, na anasema tu kwamba neno hili halijui. Kwa mwandishi anayeyapa majina ya Kiswahili vitu vilivyomo katika programu yake, cSpell atachora bluu karibu kila mahali, isipokuwa chini ya maneno mafupi mno kama `bei`, kwa kuwa kwa kawaida haangalii maneno yenye herufi chini ya nne. Python haihusiki kabisa na malalamiko hayo. Programu yenye mawimbi hamsini ya bluu ya aina hii inaweza kufanya kazi bila hitilafu hata moja.

Hasara ya mistari hiyo ni nyingine: inaficha. `wastani` lililo sahihi na `wastni` lililokosewa yamechorewa bluu ileile, na jicho likishazoea kuipuuza rangi hiyo linayapita yote mawili. Dawa ni kubofya neno, kubonyeza `Ctrl+.` na kuchagua kuliongeza katika kamusi. Maneno sahihi yakishaingizwa, bluu itakayobaki itakuwa na maana. Mtu anayeandika kwa Kiswahili akatumia dakika chache kuyaingiza majina anayoyarudia atapata mkaguzi wa tahajia wa Kiswahili chake mwenyewe, jambo ambalo si haba.

Sasa mwandishi anafunga bano. Mstari wa nne unakuwa `jumla = sum(bei)`. Nyekundu inatoweka, hesabu ya makosa kwenye ukanda wa chini kabisa inakuwa sifuri, na papo hapo onyo jipya linazaliwa:

```
"wastni" is not defined   Pylance(reportUndefinedVariable)   [Ln 6, Col 19]
```

Kwa mgeni, hili huonekana kama uonevu: amesahihisha, na kihariri kimemletea jingine. Ukweli ni kwamba kosa lilikuwapo tangu mwanzo. Lakini jambo la kutazama kwa makini zaidi ni rangi yake. Ni ya njano. Pylance, katika mpangilio anaokuja nao, hulihesabu jina lisilojulikana kuwa onyo tu. Na bado, programu ikifika mstari wa sita itasimama hapohapo:

```
NameError: name 'wastni' is not defined. Did you mean: 'wastani'?
```

Njano, basi, haina maana ya "inaweza kusubiri". Rangi ni kauli ya mkaguzi kuhusu aina ya tatizo aliloliona. Bano lisilofungwa linavunja sarufi ya Python, na hakuna hali yoyote ambamo faili hilo lingekubalika. Python yenyewe hulisoma faili zima kabla ya kuanza kazi, na ingekataa hata kuugusa mstari wa kwanza. Jina lisilojulikana ni jambo tofauti. Sarufi haijavunjwa, na Python hulitafuta jina pale tu linapohitajika, programu ikiwa tayari inakimbia.

Tofauti hiyo ina gharama zake. Kosa la sarufi halikupi nafasi ya kufanya uharibifu, kwa sababu hakuna kilichoanza. Jina lililokosewa huiacha programu ifanye kazi yote iliyo juu yake kwanza. Kama mwandishi angekuwa ameweka agizo la kutuma ujumbe kwa mwenye duka kwenye mstari wa tano, ujumbe ungeondoka na kukatwa salio, kisha programu ingeanguka kwenye wa sita; akirudia kuiendesha, ungetumwa tena. Na kama `wastni` lingekuwa ndani ya sharti ambalo hutimia mara chache, kwa mfano siku ambayo mauzo ni sifuri, programu ingeweza kukimbia miezi mingi na kuanguka siku hiyo. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, onyo la `reportUndefinedVariable` linastahili kutendewa kama nyekundu siku zote. Pylance anaruhusu hilo: ukibadilisha mpangilio uitwao `python.analysis.typeCheckingMode` kutoka `off` kwenda `basic`, wimbi lilelile hugeuka jekundu bila herufi moja ya msimbo kubadilika.

Limebaki wimbi la njano la mstari wa kwanza, ambalo lilikuwapo tangu picha ilipopigwa:

```
Import "africastalking" could not be resolved   Pylance(reportMissingImports)   [Ln 1, Col 8]
```

Uzito wake ni uleule wa `wastni`, lakini hapa hukumu haiwezi kutolewa kwa kuutazama msimbo peke yake. Pylance anasema kwamba ameitafuta maktaba hiyo na hakuiona. Huenda haijawekwa kabisa kwenye mashine. Ikiwa hivyo programu itakwama mstari wa kwanza kwa `ModuleNotFoundError`, na agizo la `pip install africastalking` ndilo linalohitajika. Huenda pia imewekwa, ila si pale anapotazama. Mashine moja huweza kuwa na Python mbili au tatu, moja ya mfumo, nyingine iliyopakuliwa baadaye, nyingine ya mradi huu tu, na kila moja ina maktaba zake. Python ambayo Pylance anaitumia hutajwa kwenye ukanda wa chini, upande wa kulia, kwa namba ya toleo. Ile inayotumiwa na terminali hujulikana kwa kuandika `python --version`. Namba mbili zikitofautiana, sababu ya wimbi imepatikana, na programu inaweza kuwa inakimbia vizuri kwenye terminali huku kihariri kikiendelea kulalamika. Zikifanana bado si hakika, kwa sababu Python mbili za toleo moja zinaweza kukaa katika folda tofauti. Kubofya namba hiyo na kuchagua Python sahihi huondoa onyo bila kuugusa msimbo.

Ndiyo kusema, katika faili hili dogo njano mbili zinazofanana kwa sura zina hatima tofauti: moja itaiangusha programu bila shaka, nyingine inaweza isiwe na neno.

Picha ya namna hii ina habari nyingine nje ya msimbo na kidirisha. Jina la faili katika orodha ya kushoto linapokuwa jekundu na kufuatwa na namba, namba hiyo ni idadi ya matatizo yaliyomo. Herufi kama `M` au `U` mahali hapohapo ni habari nyingine kabisa. Hutoka kwa Git, na inaeleza tu kuwa faili limebadilishwa au ni jipya. Wageni huzichanganya mara nyingi.

Halafu kuna nukta ndogo nyeupe juu, kwenye kichwa cha faili, pale ambapo kwa kawaida pana alama ya kufungia. Nukta hiyo inaonyesha kuwa faili halijahifadhiwa. Ni ndogo, lakini imepoteza saa nyingi za watu. Wakaguzi kama Pylance husoma maandishi yaliyo kwenye skrini, hata kabla ya kuhifadhiwa. Anayeandika `python mauzo.py` kwenye terminali huendesha kilicho kwenye diski. Mtu anaweza kufunga bano, akaona mawimbi yametoweka, akaendesha programu na kupata kosa lilelile la bano. Ataapa kwamba kompyuta imerogwa. Nukta nyeupe pichani inaeleza kila kitu, na `Ctrl+S` inamaliza ugomvi.

Ukimya wa mawimbi nao una mipaka yake. Iwapo mwandishi angeandika `jumla / 2` badala ya `jumla / len(bei)`, hakuna mkaguzi ambaye angechora lolote. Jumla ya bei hizo tatu ni 5050. Wastani wake halisi unakaribia 1683, lakini programu ingetangaza 2525.0 kwa kujiamini. Pylance hajui kwamba mwandishi alitaka wastani wa bidhaa tatu. Anajua sarufi, anajua majina, na akiwashiwa ukaguzi zaidi anajua kuwa maneno hayajumlishwi na namba. Nia ya mwandishi haimo katika faili.

Anayetaka kuomba msaada kwa picha, basi, asikate kipande cha msimbo peke yake. Afungue kidirisha cha `PROBLEMS`, akipanue ili maelezo yasikatwe katikati, ahakikishe namba za mistari zinaonekana, na aache ukanda wa chini pamoja na kichwa cha faili ndani ya picha. Maneno ya kosa ayanakili pia kama maandishi: akibofya safu yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya atapata nafasi ya kunakili. Anayemsaidia ataweza kuyatafuta maneno hayo kama yalivyo, bila kuyachapa upya kutoka kwenye picha iliyofifia ya simu.